Ripoti peji 58, mabosi wanataka slaidi tano, naombeni ushauri

Binti_Tukuyu
Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni. Nipo Tukuyu huku mvua haijaacha tangu asubuhi na mi nimekaa na laptopu toka saa nane mchana sijasogea. Nafanya kazi kwenye kampuni inayonunua maziwa kwa wafugaji wa Rungwe, nimeandika ripoti ya maziwa yanayokataliwa, peji 58, data ya miezi mitatu, Februari mpaka Aprili, vituo vyetu vyote 11. Sasa mameneja wanne wamesema hawana muda wa kuisoma, wanataka slaidi tano, wazipate Alhamisi, Ijumaa kikao na mi napewa dakika kumi tu.

Nilichofanya nimechukua kila sura nikaifupisha ikawa slaidi. Utangulizi, Malengo, Mbinu, Matokeo ya kwanza, ya pili, hivyo hivyo mpaka Mapendekezo. Zimefika 14 na fonti nimeishusha mpaka kumi bado hazienei. Nikitaka kufuta kitu roho inauma maana hizo namba nimezifuata mwenyewe, kuna vituo nimeenda na bodaboda kwenye tope mpaka tunashuka tunasukuma. Nifute nini nibakize nini?

Chipukizi_Ipogolo
Dada hii rahisi. Slaidi moja mistari sita, mstari mmoja maneno sita, fonti isishuke 28, halafu weka picha kubwa za ng'ombe na vituo. Maelezo yote unayatoa kwa mdomo. Mi hivyo ndivyo nilivyofundishwa na kila nikipresenti watu wanaelewa.

Mwakaleli_Juu
Mi ni mfugaji nina ng'ombe watatu, na hiyo shida naijua vizuri kuliko ripoti. Nunueni tangi la kupoza kila kituo na jenereta yake, umeme ukikatika maziwa yasiharibike. Sisi maziwa ya jioni yanatutesa sana, ukiyapeleka asubuhi wanayapima na alkoholi yanaganda unarudi nayo nyumbani, watoto wanakunywa mtindi wiki nzima. Waambie hivyo mabosi, slaidi moja inatosha.

MamaKihesa
Binti habari ya kazi, pole na mvua. Kabla hujafuta chochote nijibu mambo mawili. Hao mameneja Ijumaa wanatakiwa kuamua nini, kwa sentensi moja? Na Alhamisi wakizipata watazifungulia wapi, kwenye simu au wanasubiri projekta? Nauliza hivyo kwa sababu ushauri wa kijana wa Ipogolo ni mzuri kama wewe upo mbele yao unaongea. Lakini meneja aliyepo safarini anafungua PDF kwenye wasapu, wewe haupo, anakuta picha ya ng'ombe na maneno sita, hapo hajapata kitu.

Binti_Tukuyu
Ahsante mama. Wawili najua watasoma kwenye simu, mmoja yupo Dar. Cha kuamua ni gari la jioni. Vituo vitatu vya mbali havina tangi la kupoza, maziwa ya jioni yanalala kwenye keni mpaka gari la asubuhi, yakifika kiwandani yanakataliwa. Mi napendekeza gari lipite pia jioni. Safari moja ni elfu 80.
@Mwakaleli_Juu ahsante kaka, tangi lipo kwenye mapendekezo ila mwaka huu bajeti yake haipo.

MamaKihesa
Basi umeshajipatia slaidi ya kwanza, ila kwenye hizo 14 zako nina uhakika hilo gari lipo slaidi ya 13. Ripoti inafuata safari yako wewe uliyetafiti, ulianza wapi ukapita wapi ukafika wapi, ndo maana ukifupisha sura kwa sura unapata ripoti ileile yenye herufi ndogo. Meneja anaanzia mwisho, anataka ajue unamwomba nini, kwa nini akubali, na akikubali pesa ngapi inatoka.

Kwa hiyo acha laptopu kwanza. Chukua karatasi andika sentensi tano tu, kila moja iwe sentensi kamili yenye kitenzi, siyo neno "Matokeo". Hizo sentensi ndo vichwa vya slaidi zako. Halafu mpe mtu asiyehusika, hata mhasibu, asome vichwa peke yake, akikueleza kisa chote bila kuuliza umemaliza kazi ngumu. Akikwama kati ya cha pili na cha tatu basi hapo kuna kitu umeruka. Chini ya kila kichwa unaweka ushahidi mmoja tu unaokibeba, na kwenye kona ya chini kwa maandishi madogo andika peji ya ripoti ilikotoka namba. Bosi akibisha unafungua peji hiyo palepale.

Malengo na mbinu zote zinatoka. Zibaki kwenye ripoti, unaiambatisha. Tuletee hizo sentensi hapa.

Mzee_wa_Makambako
Mimi ni mstaafu, nimeandika taarifa za vikao miaka mingi. Nakubaliana na mama isipokuwa hapo pa kuanza na ombi. Kuna wakubwa ukianza na pesa wanaona umewavamia, wanafunga masikio kabla hawajasikia tatizo. Mimi nilikuwa naanza na hali ilivyo, wakishakuna kichwa wenyewe ndiyo naleta ombi. Mara moja nilianza na ombi la gari, kikao kizima kikaishia kujadili mafuta, tatizo lenyewe halikutajwa.

MamaKihesa
Mzee shikamoo. Hilo la kwako nimeliona pia, ila kwa wanaosoma kwenye simu bila wewe mi bado naweka ombi mbele, maana wengine hawafiki slaidi ya pili. Tatizo na ombi vinaweza kukaa kichwa kimoja.

Mzee_wa_Makambako
Marahaba. Yeye anawajua mabosi wake, aamue.

Binti_Tukuyu
Nimejaribu usiku:

1. Tunaomba gari la jioni vituo vitatu, shilingi milioni 2.4 kwa mwezi, kuzuia maziwa kuharibika.
2. Asilimia 75 ya hasara inatoka vituo vitatu.
3. Maziwa ya jioni yanalala kwenye keni bila kupozwa, asubuhi yanaganda kwenye alkoholi.
4. Kwa mwaka tunapoteza lita 72,000.
5. Gari likianza tutaokoa milioni 4.5 kila mwezi.

Kwenye ya pili nimeweka ile grafu ya duara ya vituo 11.

MamaKihesa
Umepiga hatua kubwa sana hapo, ya tatu usiiguse kabisa, mtu ambaye hajawahi kuona keni anaelewa. Sasa twende kwenye namba maana ndo zitakazokuangusha Ijumaa.

Ya pili, 75 ya nini? Mtu anayesoma haraka ataelewa robo tatu ya maziwa yenu yanamwagwa. Weka na jumla yake, mmepokea lita ngapi, zimekataliwa ngapi, na hivyo vituo vitatu vina ngapi. Grafu ya duara yenye vipande 11 kwenye simu haisomeki, weka ya mihimili, panga kuanzia kirefu kwenda kifupi, vitatu vipe rangi na vinane viache kijivu.

Ya nne umeipataje? Nahisi umechukua lita 18,000 za miezi mitatu ukazidisha mara nne. Lakini umepima wakati wa mvua, barabara mbovu, gari la asubuhi linachelewa. Juni na Julai huko kwenu baridi kali, maziwa yanakaa muda mrefu zaidi kabla ya kuchachuka. Hiyo 72,000 haimo kwenye ripoti yako, imezaliwa kwenye slaidi. Namba ambayo haina peji usiiweke.

Na ya tano ndo nina wasiwasi nayo zaidi. Hasara ni ya nani? Maziwa yakikataliwa kituoni mfugaji anarudi nayo, kampuni haijalipa kitu. Yakikataliwa kiwandani yameshapokelewa, hapo kampuni ndo imepoteza. Ripoti yako imetenganisha?

Mwakaleli_Juu
Hapo mama umegusa. Ya kituoni ni hasara yangu mimi.

Binti_Tukuyu
Mama umenitoa jasho. Kwenye ripoti sijatenganisha, lakini daftari za vituo zinaonesha, leo nimeshinda nazihesabu. Tulipokea lita 400,000, zilizokataliwa 18,000, vituo vitatu ni 13,500. Kwa mwezi 4,500. Kati ya hizo 3,000 zimekataliwa kiwandani na 1,500 kituoni, hizi ni za wafugaji wanaolaza maziwa nyumbani. Lita tunanunua elfu moja. Kwa hiyo hasara ya kampuni ni milioni 3, siyo 4.5, na gari ni milioni 2.4. Yaani faida yote imebaki laki sita, na hapo gari liokoe kila tone. Nimekata tamaa, nahisi sina tena cha kuomba.

MamaKihesa
Usikate tamaa binti, wewe umeligundua kabla ya meneja wa fedha na hiyo ni salama yako. Igeuze iwe ya kwa siku watu waione. Gari elfu 80 kwa siku ni sawa na lita 80. Kiwandani mnapoteza lita 100 kwa siku. Kwa hiyo slaidi ya nne inakuwa "Gari linajilipa likiokoa lita 80 kati ya 100 tunazopoteza kila siku". Meneja anaielewa akiwa kwenye foleni, na anaona mwenyewe kwamba nafasi ni nyembamba.

Na kwa kuwa ni nyembamba, ombi la slaidi ya kwanza libadilike, siyo gari la kudumu, omba majaribio ya siku 30. Ya tano useme wazi, data ni ya mvua tu, na baada ya siku 30 mtapima nini ili kuendelea au kuacha. Zile 72,000 na 4.5 zitoke. Halafu rekebisha ripoti yenyewe, ongeza hilo jedwali la kiwandani na kituoni, maana slaidi ikisema kitu ambacho ripoti haina utaulizwa ipi ni ya kweli.

Chipukizi_Ipogolo
Mi nimejifunza kitu hapa. Ila dada za kwenye kikao tengeneza toleo lingine lenye maneno machache, ukisimama na hizo za kusoma watasoma ukutani hawatakusikiliza.

MamaKihesa
Ni kweli kabisa, kama muda upo. Kama haupo, zionyeshe ya kwanza na ya nne tu, nyingine wameshazisoma.

Binti_Tukuyu
Nimepata tano, fonti 20, nimempa mhasibu asome vichwa tu kwenye simu yake, kaelewa yote ila kauliza kitu ambacho na mimi sijui nikiweke wapi. Zile lita 1,500 za wafugaji. Kwenye hesabu ya kampuni hazimo, lakini gari likija jioni na wao wataleta jioni, zitapona. Nikiziweka slaidi ya nne nachanganya mfuko wa kampuni na wa mfugaji, nisipoziweka naona kama nimewafuta watu walionikaribisha majumbani kwao.

Mzee_wa_Makambako
Ziweke, lakini mstari wa peke yake, wasizijumlishe.

MamaKihesa
Mi ningezipeleka ya tano kwenye vitu vya kupima, sababu hujui wangapi watakubali kuleta jioni. Umewauliza?

Mwakaleli_Juu
Huku kwetu tunakamua saa kumi na moja jioni, gari likipita saa moja usiku mi naleta. Jirani yangu yupo mbali na barabara, yeye sijui. Kesho nitamuuliza.