Tupeane uzoefu: komande zinazoingia kwa menyu ya jana

Mama wa Katuba: Leo mteja kaniandikia "niletee sombe mbili" na sombe ilikuwa ya jana. Wenzangu wa Lubumbashi mnaopikia nyumbani, kwenu inakuwaje?

Jiko la Bel-Air: Pole mama. Mimi zilikuwa sahani 18. Jumatatu saa mbili asubuhi niliweka Status: bukari na kapenta, 7.000. Jumanne saa moja na nusu asubuhi ofisi moja ikaandika: "Tutachukua zile sahani, 18, saa saba mchana." Jumanne nilikuwa na kuku, 12.000. Nikajibu "sawa" nikawasha makala. Kumbe wao walikuwa wanatazama picha ya Jumatatu, maana Status inakaa saa 24 na ilikuwa imebaki nusu saa ifutike. Kuku wamefika, wakasema watalipa 7.000 waliyoiona. Chakula kiko mlangoni, manseba anangoja, nifanye nini? Nikakubali. Franka 90.000 zikaenda hivyo, na nililia.

Tangu siku ile naandika siku na bei ndani ya picha yenyewe, ili mtu akimtumia mwenzake viende pamoja. Saa ya mwisho ikifika naifuta Status. Na siandiki kitu kwenye daftari kabla ya kumrudishia mteja komande yake: "Jumanne, kuku 3, 36.000, Kampemba, saa saba. Ni hivyo?" Akijibu ndiyo, ndipo nahesabu sahani.

Yaya Sombe: Kweli kabisa, ile "sawa" ndiyo inatuumiza.

Kijana wa Ruashi: Acheni Status. Tengenezeni listi ya WhatsApp, ujumbe mmoja unafika kwa wote.

Jiko la Bel-Air: Si wote, mdogo wangu. Unafika kwa aliyehifadhi namba yako tu, na listi moja haizidi watu 256. Mteja mpya naomba kwanza anihifadhi.

Mpishi Kenya: Mimi manseba ndio wananitesa. Mmoja alizunguka na samaki wangu saa nzima akitafuta "karibu na kanisa".

Yaya Sombe: Makanisa ni mangapi hapa! Omba lokalizasyo.

Mama wa Katuba: Mimi naandika "mwisho saa 4", bado wanaandika mchana.

Kijana wa Ruashi: Wengine wanasoma saa kumi jioni, kwa hesabu ya Kifaransa. Andika 10:00.

Mama wa Katuba: Mama yangu mzazi hataelewa hiyo 10:00.

Kijana wa Ruashi: Basi andika "saa 4 asubuhi (10:00)".

Mpishi Kenya: Dawa ni moja: alipe kwanza kwa simu. Hajalipa, hujapika.

Yaya Sombe: Hapana! Mteja wa mara ya kwanza hanijui, atanitumiaje pesa? Nilijaribu wiki mbili, komande zikapungua.

Mpishi Kenya: Na wewe ukipika 10 wakachukua 4?

Jiko la Bel-Air: Mimi kuanzia sahani 5 naomba nusu. Chini ya hapo nabeba hatari mwenyewe.

Mama wa Katuba: Huyu wa sombe bado anangoja jibu. Namwambia leo ni maharage.