Ngazi ya rezista ya kigeuzi cha biti tatu: hesabu yangu na mita haviongei lugha moja, naombeni msaada

Mwanachuo_Mbeya
Wakuu, habari za jioni. Nina mradi wa kuwasilisha Alhamisi, kigeuzi sambamba cha biti tatu. Nimepanga rezista 8 za kilo moja mfululizo kutoka volti 5 hadi graundi, na kwenye kila kiungio kati ya rezista mbili nimechomeka komparata moja. Zipo 7, kutoka kwenye chipu mbili za LM339. Kila komparata inawasha taa yake ya LED, na volti ya kupima naileta kwa potenshomita.

Kituko chenyewe: nikianza kuzungusha, taa nne za chini zinawaka harakaharaka, hata robo ya safari sijafika. Halafu zinaganda hapo hapo. Nazungusha weee, hakuna kinachobadilika mpaka karibu na mwisho, na hizo tatu za juu zenyewe zinawaka kwa kubahatisha.

Kwa hesabu yangu, komparata ni 7, kwa hiyo 5 gawanya kwa 7, kiungio cha kwanza kiwe na 0.714. Mita inasema 0.29! Chipu zote mbili nimeshabadilisha, hola.

Kaka_Volti
Hesabu yako iko sawa mkuu, gawanya kwa idadi ya komparata. Hata LM3914 ndani yake ina rezista kumi na komparata kumi, kwa hiyo inagawa kwa kumi. Hapo betri yako imechoka. Tena hizo kilo moja zinanyonya umeme bure, weka za kilo mia.

Bi_Saketi
Kaka, mfano wako ni wa kweli ila umeutumia pasipo pake. Kwenye LM3914 komparata ya kumi imeshikiliwa kileleni kabisa mwa ngazi, kwenye volti ya rejea yenyewe. Ndiyo maana idadi zinalingana. Mdogo wetu hana komparata kileleni, ana saba kwenye viungio vya katikati, na rezista ni nane. Kinachogawa volti ni rezista, kwa hiyo anagawa kwa 8.

Mwanachuo, usianze na volti, anza na mkondo. Rezista zote ziko mfululizo, kwa hiyo mkondo unaopita juu ndio huo huo unaopita chini. Jumla ni kilo 8, volti 5, unapata 0.625 mA. Sasa panda kutoka graundi: kila ukivuka rezista ya kilo moja unaongeza 0.625 V. Kiungio cha kwanza 0.625, cha pili 1.25, cha tatu 1.875, cha nne 2.5, unaendelea hivyo mpaka cha saba, 4.375. Kwa kuandika:

```
V(k) = 5 × k / 8
```

Lakini hii inakubali tu kama rezista zote zinalingana, na 0.29 yako inaniambia hazilingani. Waya mweusi wa mita uache kwenye graundi, mwekundu upandishe kiungio kwa kiungio, utuletee namba zote saba. Na kileleni pima pia, tuone kama 5 ipo.

SolaSingida
Afadhali mmeitaja LM3914. Mimi nimeifunga kwenye betri ya sola ya volti 12, taa zote kumi zinawaka muda wote, hata inveta ikishajizima kwa betri kuisha. Nibadilishe rezista gani?

Mwanachuo_Mbeya
Dada Saketi, asante. Kileleni ni 5.00, betri haina shida. Namba hizi hapa kuanzia chini:

```
1: 0.29
2: 0.59
3: 0.88
4: 1.18
5: 4.12
6: 4.41
7: 4.71
```

Bi_Saketi
Umeona? Usizitazame namba zenyewe, tazama pengo kati ya moja na nyingine. Kila hatua ni kama 0.29, isipokuwa kutoka cha nne kwenda cha tano, ambapo umeruka 2.94. Hiyo ni mara kumi. Mkondo ni ule ule, kwa hiyo rezista ya tano kutoka chini ni kubwa mara kumi kuliko wenzake. Ni ya kilo 10. Hakikisha: saba za kilo moja na moja ya kilo 10 ni kilo 17, na 5 gawanya kwa 17 ni 0.294. Ndiyo namba uliyoiona.

Kahawia, nyeusi, nyekundu ni kilo moja. Kahawia, nyeusi, chungwa ni kilo kumi. Usiku chini ya taa ya njano hizo mbili ni mapacha. Na ndiyo maana taa ziliganda: kuanzia 1.18 mpaka 4.12 hakuna kizingiti hata kimoja njiani.

Mwanachuo_Mbeya
Dada!! Ni chungwa kweli. Nimeichomoa na kuipima, 9.9k. Na mimi nilikuwa nalaumu chipu.

Kaka_Volti
Nakubali ya kugawa kwa nane. Ila kilo mia bado ningeziweka, mgao si ule ule tu?

Bi_Saketi
Mgao ni ule ule kama komparata hazigusi kitu. LM339 zinatoa mkondo mdogo kwenye miguu ya kuingizia, kwa kawaida nanoampia 25 hivi. Kwenye ngazi ya kilo moja huuoni kwa mita. Kwenye ngazi ya kilo mia, zote saba zikisukuma kwa pamoja, kiungio cha katikati kinaweza kupanda kama milivolti 20, na chipu mbaya inayoruhusiwa kwenye karatasi ya data inafika mara kumi ya hapo. Kwa betri ya saa ningefikiria. Kwa mradi wa Alhamisi, hapana.

Mwanachuo_Mbeya
Nimeweka kilo moja halisi. Sasa nina 0.62, 1.25, 1.87, 2.50, 3.12, 3.75, 4.37. Taa tano za chini zinawaka kwa zamu kama askari. Ya sita na ya saba bado wendawazimu, mara zinawaka mara zinazima nikiwa juu.

Bi_Saketi
Chipu unazilisha volti ngapi? Kama ni hizo hizo 5, umefika mpaka wake. LM339 inahitaji angalau mguu mmoja wa kuingizia ukae chini ya volti ya kulishia kwa 1.5 hivi, yaani chini ya 3.5. Kizingiti cha sita ni 3.75. Ukizungusha potenshomita mpaka hapo, miguu yote miwili iko juu ya 3.5 na jibu halina dhamana. Lisha chipu kwa 9, ngazi na taa ziache kwenye 5. Hazitaudhika, pato la LM339 kazi yake ni kuvuta chini tu.

Mzee_wa_Redio
Vijana, ngazi nzuri haianzi na rezista nzima. Chini weka nusu, kilo moja mbili sambamba, na juu weka kilo moja na nusu. Jumla inabaki kilo 8, lakini vizingiti vinashuka nusu hatua: 0.3125, 0.9375, 1.5625 na kuendelea. Hapo kosa linagawanyika pande zote mbili badala ya kulala upande mmoja.

Bi_Saketi
Ni kweli mzee, lakini inategemea mwalimu ametaka nini. Kama jedwali lake linaanza na 0.625, akiona 0.3125 atamkata alama.

Mzee_wa_Redio
Basi mwalimu ndiye wa kukatwa.

Mwanachuo_Mbeya
Karatasi ya mradi imeandika "rezista nane zinazolingana", sasa sijui. Nitamuuliza kesho. Betri ya 9 nimeazima kwa jirani, upande wake hasi naunganisha na graundi ya zile 5, au nauacha peke yake?

Bi_Saketi
Unganisha. Usipounganisha hata zile tano nzuri zitaharibika tabia.

SolaSingida
Na mimi wa betri ya sola jamani?

Kaka_Volti
Hiyo volti 12 unaiingiza moja kwa moja, au umeipunguza kwanza? Na kileleni mwa ngazi umeweka ngapi?