Tupeane uzoefu: imeili zinaingia, kutuma ndiyo hazitoki

Bi_Forodha: Wadau, za jioni. Aliyewahi kupatwa na hili aseme alivyotoka. Naanza na langu.

Niko ofisi ya kutoa mizigo bandarini, Dar. Natumia Outlook 2013 na anwani ya ofisi, porti ya kutuma ni 25, miaka mitatu sina shida. Wiki iliyopita mtoto aliumwa, nikabeba laptopu nyumbani Mbagala. Saa tatu usiku mteja anangoja nakala za hati, natuma, imekwama Outbox na maandishi haya:

```
554 5.7.1 Relay access denied
```

Kupokea, barua zinaingia kama kawaida. Nikaandika nenosiri upya mara mbili, wapi. Nikaacha waifai ya jirani nikawasha bando la simu, hapo hata hilo 554 halikuja, ilizunguka mpaka ikasema muda umeisha. Kilichonichanganya zaidi, barua niliyomwandikia bosi ilifika! Asubuhi nimefungua laptopu ofisini, ile ya mteja ikaondoka yenyewe.

Kijana_wa_Kompyuta: Dada, weka porti 465 umalize kazi. 25 ilishakufa zamani.

Pwani_Moja: Mimi zangu zinatoka vizuri ila wateja wanazikuta kwenye Spam. Nibadilishe porti gani?

Mzee_wa_Seva: Pwani_Moja, zako zinatoka, kwa hiyo porti haina kosa. Shida yako iko kwenye rekodi za jina la kikoa chenu. Fungua mada yake, nitakuja.

Bi_Forodha, umetoa dalili tatu na kila moja ina maana yake. Kupokea na kutuma ni milango miwili. Ule wa kupokea siku zote umekuuliza jina na nenosiri. Ule wa kutuma, nina hakika haujawahi kukuuliza chochote. Ukiwa ofisini seva inaona umetoka kwenye mtandao wa ofisi, inakupitisha kwa sura. Ukiwa kwa jirani ni mgeni, na mgeni asiyejitambulisha haruhusiwi kuitumia seva kupeleka barua kwa watu wa nje. Ndiyo hiyo "relay". Barua ya bosi ilifika kwa sababu bosi yuko ndani ya seva hiyohiyo, haikuhitaji kupelekwa kokote. Kwa hiyo ukiona za wenzako wa ofisi zinafika na za wateja zinarudi na 554, usihangaike na nenosiri. Hata halijatumwa.

La bando ni jingine kabisa. Kampuni nyingi za intaneti huziba porti 25 kwa wateja wa kawaida, maana kompyuta zenye virusi zilikuwa zinaitumia kumwaga barua taka. Jirani yako haikuzibwa, kwenye simu imezibwa. Kijana, 25 haijafa, seva kwa seva zinapelekeana barua kwa 25 mpaka leo. Ila laptopu ya mtu haina kazi nayo.

Kijana_wa_Kompyuta: Sawa mzee, lakini 465 si ndiyo dawa?

Bi_Forodha: Kijana, nimejaribu sasa hivi. Nimeweka 465, pale pa usalama nikachagua TLS kwa sababu nilisikia ndiyo bora. Imeganda kama dakika nzima, ikakata. Hata kosa lenye namba hakuna.

Mzee_wa_Seva: Hapo ndipo wengi wanapokwama. Kwenye 465 mazungumzo yanaanza kwa siri tangu neno la kwanza. Kwenye 587 seva inaanza kukusalimu waziwazi, kompyuta yako inaomba STARTTLS, ndipo wanahamia kwenye siri. Wewe umekwenda 465 kwa taratibu za 587. Kompyuta yako inangoja kusalimiwa, seva inangoja uanze siri, wote kimya mpaka muda unaisha.

Majina nayo yanapotosha. Katika Outlook yako hiyo ya 2013, SSL ni ya 465, na TLS maana yake ni STARTTLS, ya 587. Kwenye Thunderbird wameandika SSL/TLS kwa 465 na STARTTLS kwa 587. Zote mbili ni salama, tumia ile ambayo seva yenu imefungua. Kujua kama njia imezibwa, fungua PowerShell uandike hivi, ukiweka jina la seva yenu:

```
Test-NetConnection mail.example.com -Port 587
```

Ikijibu TcpTestSucceeded : True, njia iko wazi, tatizo liko kwenye mipangilio. False, jaribu kwa mtandao mwingine kabla hujagusa kitu.

Kisha fungua akaunti, bofya More Settings, kipande cha Outgoing Server, weka alama kwenye "My outgoing server (SMTP) requires authentication" na "Use same settings as my incoming mail server" ibaki imechaguliwa. Nenda Advanced, porti ya kutuma iwe 587, chagua TLS. Ile ya kupokea usiiguse.

Mama_Likoni: Mie yangu ilikuwa 535, ile ya jina au nenosiri kukataliwa, siyo 554. Nilibadilisha nenosiri kwenye tovuti, Thunderbird ikaniuliza la kupokea nikampa, kutuma kukakataa. Siku nzima nagombana na fundi kwamba nenosiri ni sahihi, si naona barua zinaingia! Kumbe Thunderbird huweka nenosiri la kupokea na la kutuma kando kando. Niliingia Saved Passwords, nikafuta mstari ulioanza na smtp://, ikaniuliza upya, ikatuma. Na jina la mtumiaji kwetu ni lazima liwe anwani nzima pamoja na @ na kinachofuata. Upande wa kupokea nusu jina lilikubalika, wa kutuma haulitaki.

Muscat_Kwetu: Kwa wa Gmail wanaopata 535: tangu Mei 2022 nenosiri la kawaida halikubaliki tena kwenye programu za namna hii. Ama programu iwe na OAuth2, yaani unaingia kupitia ukurasa wa Google wenyewe, ama uwashe uthibitishaji wa hatua mbili, utengeneze App Password ya herufi 16, ukaiweke mahali pa nenosiri. Babangu yuko Pemba, nilimsomea herufi hizo kwa simu, m na n zikatutoa jasho. Mwishowe nikamtumia WhatsApp, mnisamehe.

Mzee_wa_Seva: Ukishamaliza, ifute utengeneze nyingine.

Bi_Forodha: Shikamoo mzee. 587, TLS, alama nimeweka. Niko kwa jirani hapa, ile ya majaribio kwa mteja imeondoka kabla sijanyanyua kidole. Nimejaribu na bando, pia imekwenda.

Ila nimezua jingine. Nilimsimulia fundi wetu, akashtuka kwamba seva ilikuwa inapitisha watu bila nenosiri, akaifunga hata kwa mtandao wa ofisi. Sasa mashine ya fotokopi inayotuma skani kwa imeili imegoma, na bosi anasema mimi ndiye niliyechokonoa. Menyu yake ina sehemu ya porti, jina na nenosiri, na SSL On au Off. STARTTLS haipo.

Mzee_wa_Seva: Marahaba. Iundiwe anwani yake yenyewe, isitumie ya mtu. Halafu 465 na SSL On. Ni mashine ya mwaka gani?

Bi_Forodha: Niliikuta. Kibandiko cha nyuma kimefutika.

Mzee_wa_Seva: Basi jaribu. Zile za zamani hazijui TLS 1.2, na seva nyingi sasa hazikubali chini ya hapo. Ikiganda tena, fundi airuhusu namba ya IP ya hiyo mashine peke yake, siyo ofisi nzima.

Kijana_wa_Kompyuta: Kwa hiyo 465 nilisema kweli.

Bi_Forodha: Kwa fotokopi, labda. Jumatatu nitawaambia.