Dirhamu imetulia, shilingi inapanda na kushuka: Je, Benki Kuu yetu ingeweza kuifunga?

Kutoka: Khadija, Sharja

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Mombasa mlio huku na huko,

Ninajenga Mtwapa, na kila mwezi ninatenga dirhamu 5,000 kwa ajili ya kazi hiyo. Januari 2024, dola ilipofika karibu shilingi 160, fedha hizo zilikuwa zinanipa takriban shilingi 217,000. Kufikia mwisho wa Machi mwaka huo huo dola ilikuwa imeshuka hadi karibu 130, na dirhamu zile zile 5,000 zikawa zinaleta shilingi 177,000 hivi. Bei ya nondo haikushuka kwa kiasi hicho, na hesabu yote niliyokuwa nimempa mkandarasi ikavurugika.

Kaka zangu wanasema lawama ni ya Benki Kuu ya Kenya, kwa sababu ingeweza kuifunga shilingi kwa dola kama dirhamu ilivyofungwa kwa 3.6725 tangu mwaka 1997. Ningependa kuelewa kama jambo hilo linawezekana na lingeitaka benki ifanye nini hasa. Tena ninauliza kwa haja, kwa maana mkandarasi sasa anataka mkataba mpya tuuandike kwa dola.

Kutoka: Swaleh, Maskati

Wa alaykum salaam dadangu. Kaka zako wamesema kweli. Sisi huku Omani riali moja ni dola 2.6008 tangu mwaka 1986, na hakuna anayeamka asubuhi kutazama bei ya dola. Kinachohitajika ni sheria, pamoja na akiba ya dola inayotosha kuzikomboa noti zilizo mikononi mwa watu. Kenya ina akiba ya mabilioni, kwa hivyo kilichokosekana ni nia tu.

Kutoka: Mama Zuhura, Jida

Dada Khadija, pole kwa usumbufu. Usitumie benki, kwa sababu makato yao ni makubwa, tumia simu. Mimi mwaka 2023 nilikuwa nikimtumia mwanangu karo, na benki moja ya huko nyumbani ikawa inanipa bei isiyofanana na ile iliyotangazwa na Benki Kuu. Ndugu yangu mwenye kuagiza vipuri kupitia Kilindini naye alikuwa akiambiwa dola hazipo, na akizipata anauziwa kwa bei ya juu kabisa. Mpaka leo ninaamini tuliibiwa, na ningependa kujua malalamiko yanapelekwa wapi.

Kutoka: Maalim Athman, Lesta

Ndugu zangu, nilifanya kazi miaka mingi katika chumba cha fedha za kigeni cha benki moja hapo Mombasa kabla ya kuhamia huku, kwa hivyo naomba mnivumilie nikiandika kwa urefu.

Bwana Swaleh ana haki anaposema kwamba akiba inahitajika, lakini akiba ni nusu tu ya sharti. Tuchukulie kwamba kesho Benki Kuu ya Kenya inatangaza kuwa dola itakuwa shilingi 129 daima. Maana yake ni kwamba mwagizaji yeyote wa mafuta, ngano au magari akileta shilingi kupitia benki yake, Benki Kuu italazimika kumpa dola kwa bei hiyo, wakati wowote na kwa kiasi chochote. Ikiuza dola milioni 100, itapokea shilingi bilioni 12.9, na shilingi hizo zinatoka katika akaunti za benki za biashara na kuondoka katika mzunguko. Benki zinabaki na upungufu wa shilingi, zinaanza kukopeshana kwa riba ya juu, na hatimaye mfanyabiashara wa Marikiti anayetaka mkopo anakuta riba imepanda. Hapo ndipo dawa inapofanya kazi: watu wanaagiza kidogo, wenye dola wanavutiwa na riba na kuzigeuza ziwe shilingi, na shinikizo linapungua.

Lakini dawa hiyo ni chungu. Serikali inayokopa ndani ya nchi haipendi riba kupanda, na wafanyabiashara hawapendi pia. Basi kishawishi kinachoijia Benki Kuu ni kuzirudisha zile shilingi kwa mlango wa nyuma, kwa kuzikopesha benki upya ili riba isipande. Ikifanya hivyo, shilingi zile zile zinarudi dirishani juma linalofuata kutafuta dola nyingine. Bei inaonekana imetulia huku akiba ikiyeyuka. Kwa hiyo anayetaka kujua kama bei iliyotulia ina afya asiitazame bei hiyo, bali atazame akiba inaelekea wapi, na kama riba imeachwa ipande.

Umoja wa Falme za Kiarabu umeukubali uchungu huo moja kwa moja. Kati ya Machi 2022 na Julai 2023 benki kuu ya Marekani ilipandisha riba kutoka karibu sifuri hadi kati ya asilimia 5.25 na 5.50, na benki kuu ya huko ikaifuata hatua kwa hatua, riba yake ya msingi ikafika asilimia 5.40. Wenye mikopo ya nyumba yenye riba inayobadilika huko Dubai walilipa zaidi kwa sababu ya mfumuko wa bei wa Marekani. Riba ya nchi iliyofunga sarafu yake na kuacha mlango wa fedha wazi huamuliwa na nchi yenye sarafu iliyofungiwa. Nchi hiyo inalistahimili hilo kwa kuwa mafuta yake yanauzwa kwa dola, uchumi wake unakwenda sambamba na dola, na ina akiba kubwa sana. Na hata hivyo, Bwana Swaleh, riali ya Omani kabla ya 1986 ilikuwa dola 2.8952, ilishushwa mwaka huo bei ya mafuta ilipoporomoka.

Zipo nchi zinazotaka bei isiyosogea na riba ya kujiamulia zenyewe kwa pamoja. Hizo hufunga mlango. Kenya ilifanya hivyo kwa miaka mingi, ambapo mwagizaji wa Mombasa alihitaji kibali kwanza ndipo agawiwe fedha za kigeni, na vizuizi hivyo viliondolewa katika miaka ya 1990, shilingi ilipoachiliwa ielee mwaka 1993, yaani bei yake ipangwe na soko. Ninawaomba mlifikirie hili kwa uzito, kwa sababu mlango ukifungwa, sisi tunaoleta dola tutapokelewa vizuri, lakini siku utakapouza nyumba yako ya Mtwapa na kutaka kuitoa fedha yako utaomba ruhusa.

Kutoka: Mama Zuhura, Jida

Maalim, nimekusoma, lakini suala langu la 2023 hujalijibu.

Kutoka: Maalim Athman, Lesta

Samahani, Mama Zuhura. Hukuibiwa, ingawa uchungu wako una msingi.

Shilingi kisheria ilikuwa inaelea, lakini kwa miaka kadhaa haikuachiliwa ielee kwa kweli. Mwaka 2018 Shirika la Fedha Duniani liliacha kuihesabu miongoni mwa sarafu zinazoelea, ingawa Benki Kuu wakati huo ilikataa tathmini hiyo, na mwaka 2023 Gavana Kamau Thugge mwenyewe aliwaambia wabunge kwamba ilikuwa imepewa thamani kubwa kuliko hali halisi. Bei iliyochapishwa ilipokuwa chini ya ile ambayo watu walikuwa tayari kulipa, mwenye dola hakutaka kuziuza. Benki ziliacha kuuziana dola zenyewe kwa zenyewe, na ndugu yako akaambiwa hazipo. Akiba ikashuka chini ya kile kipimo cha miezi minne ya bidhaa za kuagiza ambacho Benki Kuu hutakiwa kujitahidi kukilinda. Bei mbili kwa sarafu moja ndiyo dalili ya wazi kuliko zote kwamba kuna bei inayoshikiliwa bila nguvu ya kuishikilia.

Bei ilipoachiliwa, dola ikapanda hadi 160, lakini zikaanza kupatikana. Kuelea nako kuna madai yake, nami naona watu wengi hawayaoni. Benki Kuu isipoahidi bei ya dola ni lazima iahidi kitu kingine, na Kenya inaahidi mfumuko wa bei wa asilimia 5, ukizidi au kupungua kwa 2.5. Ili ahadi hiyo iaminike, ilipandisha riba yake kutoka asilimia 10.5 hadi 12.5 Desemba 2023, kisha 13 Februari 2024. Mwezi huo huo serikali ikauza hatifungani ya dola bilioni 1.5 nje ya nchi, na hofu kwamba ingeshindwa kulipa deni la dola bilioni 2 lililokuwa likiiva Juni ikatoweka. Wageni wakaleta dola kununua hatifungani ya miundombinu yenye riba ya zaidi ya asilimia 18. Waliokuwa wameficha dola wakakimbilia kuziuza. Ndiyo maana shilingi ilipanda ghafla namna ile, na ndiyo maana hesabu ya Bi Khadija ilivurugika.

Kutoka: Swaleh, Maskati

Nimekubali kuhusu riba, Maalim. Lakini tangu katikati ya 2024 dola imeganda karibu na 129. Kama huko si kufunga ni nini?

Kutoka: Maalim Athman, Lesta

Swali hilo ni zuri, nami sina jibu la mwisho. Benki Kuu inasema ni soko. Ninachokiona ni kwamba safari hii akiba imekuwa ikipanda na kupita dola bilioni 10 mwaka 2025, jambo linaloonyesha kwamba benki inanunua dola zinazoletwa, zikiwemo zetu, ambazo mwaka 2024 zilikaribia bilioni 5. Kuizuia sarafu isipande ni rahisi kuliko kuizuia isishuke, kwa sababu shilingi za kununulia dola hutengenezwa na benki yenyewe, ilimradi baadaye izikusanye zisichochee bei. Lakini bei ya mafuta ikipanda au madeni yakiiva kwa pamoja, ndipo tutajua kama wataiachilia mapema au wataishikilia kama zamani.

Kutoka: Khadija, Sharja

Ahsante Maalim. Basi huu mkataba wa dola?

Kutoka: Maalim Athman, Lesta

Bi Khadija, dirhamu yako ni dola kwa jina jingine, kwa hivyo mkataba wa dola haukuletei hasara moja kwa moja. Hata hivyo mawe, mchanga na ujira wa mafundi hulipwa kwa shilingi, na shilingi ikishuka faida yote ataichukua mkandarasi. Ningeugawa mkataba: nondo, vigae, nyaya na vifaa vya maji kwa dola, yaliyobaki kwa shilingi.

Kutoka: Mama Zuhura, Jida

Na ile ya dola ihesabiwe kwa bei ya nani? Mimi ndipo nilipoumia.

Kutoka: Maalim Athman, Lesta

Kwa bei ya wastani inayochapishwa na Benki Kuu kila siku ya kazi katika tovuti yake, ya siku ile ile ya malipo. Na Bi Khadija aongeze sharti moja: ikiwa bei ya benki ya mkandarasi itaachana na hiyo kwa zaidi ya asilimia 2, kila upande uwe na haki ya kuomba hesabu ipangwe upya kabla fedha haijatumwa.