Meza inabaki yenyewe mchana: niuze nini kisichoibika wala kuoza haraka?

Mama Watatu: Wakuu habari za asubuhi. Nina kimeza changu huku Kwa Mrombo, Arusha, kando ya njia wanayopita wanafunzi. Nilikuwa nauza nyanya, ndizi mbivu na karanga za kupima kwa kikombe. Nyanya zinalainika kabla sijazimaliza, ndizi zinaingia weusi, na karanga ndizo zinaniumiza zaidi, zinapungua bila hela kuonekana. Kuna nyakati meza inabaki bila mtu. Nataka kubadilisha bidhaa, mtaji wangu hauzidi laki na nusu. Nisaidieni mawazo, nina watoto wanaitegemea hiyo meza.

Mangi Mdogo: Uza majeneza. Hayaozi, na mwizi wa jeneza bado hajazaliwa.

Mama Watatu: Kaka yangu, laki na nusu hainunui hata mbao. Naomba ushauri wa kweli.

Kijana wa Sakina: Mkaa dada. Gunia mtu halibebi mfukoni, na hata ukikaa mwaka hauozi. Umemaliza.

Mzee wa Kilombero: Gunia zima lililoshonwa mdomo, sawa. Lakini mtaani kwenu wananunua mkaa kwa kopo, kwa hiyo gunia litabaki wazi, na gunia lililo wazi linachotwa kama karanga tu. Mvua nayo ikiupiga, mkaa unatoa moshi na mteja harudi. Halafu kuna mambo ya vibali vya TFS, wale wakala wa misitu, usiyasahau. Mama, kabla sijasema zaidi: hizo "nyakati" ni saa ngapi mpaka saa ngapi?

Mama Watatu: Ni kama mtu yeyote mwenye majukumu, baba. Natoka, narudi.

Neema ya Usa River: Biashara haiachwi peke yake jamani. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nilifunga genge langu nikalea kwanza, sasa watoto wakubwa ndio wanaokaa dukani. Mtangulize Mungu na uwe na subira.

Mzee wa Kilombero: Natoka narudi hainisaidii. Anayeenda kuchota maji na anayeondoka asubuhi mpaka jioni hawawezi kuuza kitu kimoja.

Mama Watatu: Haya. Mimi ni mpishi wa shule. Natoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, narudi saa tisa alasiri. Kabla ya kuondoka napanga meza, naacha kopo la hela, na kinyozi wa jirani ananiangalizia. Wateja wangu wa muda mrefu wanajichukulia na kuacha hela, wengine wananitumia kwa simu.

Mzee wa Kilombero: Hapo ndipo tatizo lilipo, na ungelisema mwanzo. Meza yako mchana kutwa inauza bila muuzaji. Usinitafutie kitu kizito tu. Tafuta kitu ambacho kimoja kikitoka, pengo linaonekana. Karanga zikichotwa kikombe, lundo linabaki lundo. Kinyozi naye macho yako kichwani kwa mteja, atajuaje? Panga mafungu machache, idadi ile ile kila asubuhi, uiandike. Mengine yakae ndani nyumbani. Jioni unahesabu mafungu yaliyobaki, unahesabu kopo na meseji za simu. Isipolingana, unajua hasara ya siku hiyo hiyo, haikusubiri mpaka mtaji uishe.

Fundi Katambuga: Mimi nauza viatu vya matairi, Jumatano na Jumamosi niko mnadani Tengeru, na meza naiacha sana nikienda kukata matairi. Juu ya meza naweka vya mguu wa kushoto peke yake. Vya kulia viko kwenye gunia, gunia liko kwa mama ntilie, tena chini ya benchi alilokalia. Akiiba kimoja atakivaa na nini? Mteja akipenda anamwita mama, anapewa mwenzake, analipia hapo hapo. Na tairi haliozi, kiatu kimepigwa misumari hakina gundi ya kuachia juani. Ila usiku ninaviingiza ndani, misumari ikinyeshewa inashika kutu.

Mama Watatu: Hii ya mguu mmoja nimeipenda. Lakini huku kwetu wanunuzi wa katambuga si wengi, na kinyozi sidhani atakubali gunia kwake.

Fundi Katambuga: Kweli, bila mnada zinakwenda polepole. Kama unahitaji hela ya kula leo, sikushauri.

Mama Watatu: Mimi moyo wangu uko kwenye vitunguu maji. Vinakaa miezi, kila nyumba inavitumia. Na niseme tu ukweli, nimeshatanguliza elfu sabini kwa mtu pale soko la Kilombero, mzigo wa Mang'ola. Kwa hiyo mkinishauri, mnishauri kwenye vitunguu.

Kijana wa Sakina: Sasa ulikuwa unauliza nini?

Mama Watatu: Nilitaka kusikia kama kuna kilicho bora zaidi. Na vitunguu si vibaya, kila mtu anajua vinakaa.

Kijana wa Sakina: Wakuu, hii ni chai. Mpishi wa shule aliyeingia jikoni alfajiri anajibu uzi saa nne asubuhi, kila baada ya dakika mbili? Uji wa watoto unapikwa na nani? Huyu ni dalali, baadaye atatuambia anauza vitunguu kwa jumla.

Mangi Mdogo: Toa picha ya sufuria.

Neema ya Usa River: Mimi pia nilishangaa. Siku hizi watu wanatunga hadithi za watoto ili wachangiwe.

Mama Watatu: Sijaomba hata shilingi ya mtu. Uji watoto walishakunywa mapumziko, sasa maharage yako jikoni na hayaivi kwa kuyaangalia. Simu iko kwenye aproni. Picha ya jikoni la shule siweki, nitafukuzwa kazi.

Mzee wa Kilombero: Mwacheni mama. Hata akiwa ametunga, kuna mwingine anasoma hapa ana meza kama hiyo. Mama, "vinakaa miezi" ni vitunguu vilivyokauka tu. Chukua kitunguu, bonyeza pale majani yalipokatwa. Pakiwa pamesinyaa na pagumu, na maganda ya juu yanachakarika ukisugua, hicho kinakaa. Shingo ikiwa nene na laini, kinaanza kuoza kwa ndani huku nje kinang'aa, utajua kwa harufu na vile vinzi vidogo. Mwambie afungue gunia ubonyeze vya katikati, vya juu huwa vimechaguliwa. Ukifika navyo nyumbani usiviweke sakafuni, weka kwenye chaga hewa ipite chini, mbali na viazi. Kila wiki vipitie, kilichoanza kulainika kitoe kabla hakijaambukiza jirani zake.

Mama Watatu: Na wizi?

Mzee wa Kilombero: Usimwage lundo. Tia vitunguu kwenye vifuko vya nyavu, kilo moja moja, funga mdomo kwa waya, vining'inize kwenye msumari wake kila kimoja mbele ya kiti cha kinyozi. Vining'inie kumi, si thelathini. Mtoto wa shule anayechomoa kitunguu kimoja akipita hatapata cha kuchomoa, itabidi aondoke na kifuko kizima, na msumari utabaki mtupu. Mtu mzima aliyeamua kuiba ataiba, hilo sina dawa yake. Kinyozi mpe kifuko kila wiki, macho ya bure yanachoka.

Neema ya Usa River: Na wanaonunua kitunguu kimoja kimoja?

Mzee wa Kilombero: Wasubiri saa tisa mwenyewe arudi. Atawapoteza baadhi, ni kweli.

Mama Watatu: Hao ndio wateja wangu wengi, baba. Ngoja nifikirie, labda nusu kilo. Kesho baada ya kazi nakwenda Kilombero kubonyeza kabla sijamalizia hela. Vikiwa laini namdai elfu sabini yangu.

Fundi Katambuga: Hela iliyotangulia hairudi kirahisi. Mwambie akupe vikavu vya elfu sabini hiyo hiyo, hata kama ni gunia pungufu.