Renji ya OFFSET na COUNTA inaniibia mistari ya mwisho wa mwezi, nisaidieni

Binti_Marikiti

Assalaam aleikum wakubwa na wadogo. Mie ni karani wa duka la jumla la viungo huku Marikiti, nimeanza kazi mwezi wa nne. Niliachiwa faili la Excel na karani aliyenitangulia, na mpaka juzi halikuwa na tatizo. Shiti ya Mauzo ina tarehe kolamu A, namba ya risiti B, mteja C, bidhaa D, kilo E na kiasi F. Ripoti inasoma majina mawili, `Kiasi` na `Mteja`. Jina la `Kiasi` limeandikwa hivi:

```
=OFFSET(Mauzo!$F$2,0,0,COUNTA(Mauzo!$C:$C)-1,1)
```

`Mteja` ni vivyo hivyo, ila linaanzia `$C$2`.

Mwezi wa tano nimeufunga na ripoti imeniambia 1,222,850. Kitabu cha risiti kinasema 1,284,300. Nikiichagua kolamu F yote kwa mkono, jumla inayotokea pale chini kwenye skrini ni 1,284,300 pia. Kwa hivyo ripoti ina upungufu wa shilingi 61,450, na tajiri ananiuliza pesa ziko wapi.

Najua kuna mauzo 17 ambayo sikuandika jina la mteja, ni wale wanaopita na kununua iliki robo kilo wakaenda zao. Nilidhani hayo ndiyo yaliyorukwa. Lakini nimeyajumlisha na yanafika 38,200 tu. Hiyo nyingine imekwenda wapi? Nimekesha siku mbili na jambo hili.

Kaka_wa_Likoni

Waaleikum salaam dada. Mimi naona jibu liko wazi. COUNTA haihesabu seli tupu, kwa hivyo ongeza hizo tupu. Weka COUNTA halafu ujumlishe COUNTBLANK, hesabu itatimia:

```
COUNTA(Mauzo!$C$2:$C$1000)+COUNTBLANK(Mauzo!$C$2:$C$1000)
```

Nimewahi kufanya hivi kwenye mahesabu ya matatu yetu na jumla ikawa sawa.

Binti_Marikiti

Ahsante kaka. Nimejaribu na kweli jumla imerudi 1,284,300. Lakini grafu ya mauzo imekuwa na mkia mrefu mtupu upande wa kulia, na bado sijaelewa ile 61,450 ilitoka wapi.

Mwalimu_Tudor

Dada, kwanza tulia, hakuna pesa iliyopotea. Ngoja nikuonyeshe ilipo, kisha turudi kwa kaka wa Likoni.

Data yako ni mistari mingapi? Nakisia 240, kuanzia mstari wa 2 hadi wa 241. Kama wateja 17 hawana majina, COUNTA ya kolamu C inaona majina 223 na kichwa cha kolamu, jumla 224. Ukitoa moja, inabaki 223. OFFSET haijui seli tupu ziko wapi, imepewa urefu tu. Inaanza mstari wa 2, inateremka mistari 223, inasimama mstari wa 224. Basi waliokatwa si wale wasio na majina. Waliokatwa ni mistari 17 ya mwisho, 225 mpaka 241, awe mteja ana jina au hana.

Mapengo yako katikati ya mwezi, lakini hasara inaangukia mwisho wa mwezi. Ndiyo maana 38,200 ilikataa kulingana na upungufu wako. Chagua F225 mpaka F241 uniambie jumla yake.

Na ukitaka kuona kwa macho, bonyeza Ctrl+F3, chagua `Kiasi`, kisha bofya ndani ya kisanduku cha Refers to. Excel itazungushia renji mistari inayocheza. Utaiona imeishia juu ya mwisho wa data.

Binti_Marikiti

Subhanallah. F225 mpaka F241 ni 61,450 kamili. Na ni 240 kweli, mwalimu. Mistari inayocheza imeishia 224 kama ulivyosema.

Sasa nimeelewa pia kwa nini mwezi wa nne ulikuwa sawa. Karani wa kwanza alikuwa akiandika "Taslimu" kwa kila mteja wa kupita. Mie niliambiwa asiye na jina niache wazi, nikaacha.

Kaka_wa_Likoni

Basi rudisha "Taslimu" na mambo yaishe. Kwani hiyo yangu ina ubaya gani kama jumla imetoka sawa?

Mwalimu_Tudor

Kaka, hebu ihesabu hiyo fomula yako. Kutoka C2 hadi C1000 kuna seli 999. Zilizojaa 223, tupu 776. Ukizijumlisha unapata 999, na ukiongeza wateja mia utapata 999 vilevile, kwa sababu kila seli ama imejaa ama ni tupu. Renji haikui wala haipungui, umeandika F2 hadi F1000 kwa njia ndefu. Kwa SUM haina madhara, seli tupu haziongezi kitu, na kama dada angekuwa anataka jumla peke yake ningemwambia aandike `F2:F1000` bila jina lolote. Ila grafu na orodha ya kuchagua zinabeba huo utupu wote.

"Taslimu" nayo ni nzuri, irudisheni, inasaidia kujua mauzo ya wapita njia. Lakini hesabu ya duka isitegemee kumbukumbu ya mtu mmoja siku ya foleni.

Kosa la yule aliyetengeneza ni kuhesabu zilizojaa wakati alichohitaji ni mstari wa mwisho uko wapi. Hayo ni maswali mawili. Yanafanana pale tu ambapo hakuna pengo. Tarehe ni namba ndani ya Excel, kwa hivyo unaweza kuiomba MATCH itafute namba kubwa isiyokuwepo. Itaishia kwenye namba ya mwisho kabisa ya kolamu, na mapengo ya katikati hayaisumbui. Tengeneza jina jipya, `Mwisho`:

```
=MATCH(9.99E+307,Mauzo!$A:$A)
```

Kisha `Kiasi` liwe hivi, na `Mteja` vivyo hivyo kwa kolamu C:

```
=Mauzo!$F$2:INDEX(Mauzo!$F:$F,Mwisho)
```

Sijaweka OFFSET kwa makusudi. OFFSET inapigwa upya kila unapobadilisha seli yoyote ya faili, na kwenye kompyuta nzito utaliona hilo.

Na majina yote yasome `Mwisho` mmoja. Kama kila jina lingejihesabia kolamu yake, urefu ungetofautiana na SUMIFS ingekutolea `#VALUE!`. Afadhali hiyo ingepiga kelele. Yenu ilikuwa na urefu mmoja kote, ndiyo maana ilikosea kimya kimya.

Ami_Kongowea

Samahani kuingilia, hata mimi shida ni hiyohiyo ya COUNTA. Nina orodha ya wavuvi wanaoniletea samaki, nimeiweka iwe ya kuchagua. Ikifunguka, majina yako juu halafu chini kuna nafasi tupu mia nne na kitu. Wakati mwingine inafunguka chini kabisa na karani anadhani orodha imefutika. COUNTA inaniambia 499 na wavuvi hawafiki themanini. Nimeweka hiyo MATCH ya mwalimu imeleta `#N/A`.

Mwalimu_Tudor

Ami, shida yako ni kinyume cha ya dada. Kolamu yako ina fomula ndani, sivyo? Ya kusema kama kule hakuna kitu basi andika `""`?

Ami_Kongowea

Ndiyo. `=IF(B2="","",B2)`, nimeivuta mpaka mstari wa 500.

Mwalimu_Tudor

Basi ndiyo hiyo. Seli inaonekana tupu lakini ina fomula, na COUNTA inaihesabu kuwa imejaa. Mistari 2 hadi 500 ni 499. Na MATCH imekupa `#N/A` kwa sababu majina ya watu si namba, haikupata hata namba moja. Wewe tumia hii kupata mstari wa mwisho wenye herufi za kweli, ukibadilisha jina la shiti na kolamu:

```
=LOOKUP(2,1/(Wavuvi!$D$2:$D$500<>""),ROW(Wavuvi!$D$2:$D$500))
```

Itakata mkia wa chini. Pengo la katikati ya orodha itaacha lilivyo.

Mama_Hesabu_Bamburi

Mwalimu, mimi ningetumia kolamu F badala ya A kutafuta mwisho. Mauzo yasiyo na kiasi si mauzo, lakini tarehe watu huziandika ovyo sana.

Mwalimu_Tudor

Una hoja, mama. Ninachoogopa kwa F ni mtu kuweka jumla chini ya kolamu. Ile jumla nayo ni namba, itaingia ndani ya renji na mauzo yatahesabiwa mara mbili.

Binti_Marikiti

Nimerudi. Tajiri kweli huandika jumla chini ya F mwezi ukishafungwa, na leo ameiweka mstari wa 243, kwa hivyo nimebaki na A. Lakini sasa ripoti inasema 1,279,900. Imepungua 4,400. `Mwisho` linasoma 239 na si 241.

Mama_Hesabu_Bamburi

Tazama A240 na A241, mwanangu. Zimesimama upande gani wa seli?

Binti_Marikiti

Kushoto, na nyingine zote ziko kulia. Nimeandika "31 Mei".

Mama_Hesabu_Bamburi

Ndiyo nilichokuwa nikisema. Excel yenu ni ya Kiingereza, haimjui Mei. Kwake hayo ni maneno tu, na MATCH ya namba imeyaruka. Ziandike 31/5 na zitahamia kulia zenyewe.

Binti_Marikiti

Zimehamia. `Mwisho` ni 241 na ripoti ni 1,284,300, sawa na kitabu. Na nimerudisha "Taslimu" kwenye zile 17. Mwenyezi Mungu awalipe, nyote.

Fundi_wa_Mji_wa_Kale

Nimechelewa, lakini kwa nini mnahangaika na majina yote haya? Simama ndani ya data, bonyeza Ctrl+T, iwe jedwali la Excel. Ukiandika chini yake linajinyoosha lenyewe, pengo liwepo lisiwepo.

Mwalimu_Tudor

Kwa faili jipya ningeanza na hilo kabla ya lolote. Dada, shiti ya Mauzo imefungwa kwa nywila?

Binti_Marikiti

Ndiyo mwalimu. Tajiri ameifunga, seli za kuandikia tu ndizo ziko wazi.

Mwalimu_Tudor

Hapo ndipo pagumu. Kwenye shiti iliyofungwa jedwali halijinyooshi. Utaandika mstari wa 242 na utabaki nje, utarudi kulekule kwenye mauzo ya mwisho yasiyohesabiwa.

Fundi_wa_Mji_wa_Kale

Wapo wanaolifungua na kulifunga kwa makro kila wanapoongeza mstari.

Mama_Hesabu_Bamburi

Na nywila ikakaa ndani ya makro, kila mwenye kujua kufungua aione. Mimi tajiri wangu hakukubali.

Binti_Marikiti

Nitamuuliza wangu Jumatatu. Ile jumla ya mstari wa 243 pia nitamwomba aihamishe kwenye ripoti, maana mauzo mawili tu yajayo na nitakuwa nimeifikia.