Maelezo ya kadi ya fundi wa nguo asiye na cheti: yapi kati ya haya matatu?

Nyakwar_Kondele: Hamjambo wakuu. Shemeji yangu anashona nguo Kondele, Kisumu. Hajawahi kukaa darasani. Alifunzwa na fundi mzee pale Kibuye kwa miaka 4. Anataka kadi na kipeperushi, nami nimeandika hivi:

(A) "Fundi stadi aliyehitimu. Uzoefu wa miaka mingi. Tunashona nguo za kila aina."

(B) "Sina cheti cha chuo, lakini nilijifunza kwa fundi mzee na kazi yangu ni nzuri."

(C) "Nilifunzwa cherehani Kibuye kwa miaka 4, kuanzia vifungo na pindo hadi kukata. Nakata na kushona mwenyewe: sare za shule, suruali, gauni za kitenge. Suruali zangu zina akiba ya kitambaa kiunoni; ukinenepa, naipanua."

Mngechagua ipi?

Mama_Mkasi (Nakuru): A itupe. "Aliyehitimu" anaweza kuulizwa wapi. Siku shule ikitaka sare na mwalimu aombe nakala ya cheti, atasema nini? Akishikwa na neno moja, hata suruali aliyoishona vizuri itatiliwa shaka.

B inajibu swali ambalo mteja hajauliza. Anayekuja na kitenge chake anaogopa jambo moja: kitaharibiwa. Ndiyo maana C inanipendeza pale inaposema "nakata mwenyewe". Kwa fundi, mwanafunzi huanza na kufagia, kutoa nyuzi, kuweka vifungo na kukunja pindo. Mkasi hupewa mwisho kabisa, kwa sababu mshono ukikosewa unafumuliwa, lakini kitambaa kikikatwa vibaya ni cha kulipwa. Mtu aliyepewa mkasi amekwisha pimwa, na mteja mzoefu analielewa hilo bila kuelezwa.

Kijana_wa_Nita: Mnampoteza. Bila cheti cha NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani ya Kenya, asiandike chochote, aende chuo kwanza miaka miwili.

Mama_Mkasi (Nakuru): Nusu yako ni kweli, ndugu yangu. Mtihani wa ufundi wa NITA upo, na akitaka zabuni za taasisi utamsaidia. Lakini si lazima apitie chuo ndipo aufanye. Waliojifunza kwa fundi nao huufanya, wakianzia Gredi ya 3. Akipita, aongeze mstari mmoja kwenye kadi. Kwa sasa aandike alichonacho.

Seremala_Nyalenda: Na mimi je? Nikiandika kwamba kitanda changu hakipasuki nitakuwa nimedanganya? Saiprasi ya siku hizi inaletwa mbichi.

Mama_Mkasi (Nakuru): Kaka, hapa tuko kwenye nguo, lakini ndiyo, umedanganya. Mbao mbichi zikikauka zinajikunja hata kama fundi ni hodari. Ahidi unachokishika mkononi, kwa mfano kwamba miguu ikilegea utaikaza bure.

Printa_wa_Oginga: Mimi nachapa kadi. Kadi ya kawaida ni kama sentimita 9 kwa 5.5. Ukitoa jina, simu na mahali, C haitoshei ila kwa herufi za kusomwa na miwani. C nzima ipeleke kwenye kipeperushi cha A5. Kwenye kadi weka sentensi tatu fupi. Na simu iwe kubwa kuliko jina, maana mteja huisoma akiwa kwenye boda.

Mama_Mkasi (Nakuru): Kabla hujachapa, hiyo akiba ni kiasi gani? Ukiacha sentimita 2 zaidi kila upande wa mshono wa nyuma, kiuno kinapanuka 4, si zaidi. Na suruali iliyovaliwa ikafifia itaonyesha alama ya mshono wa zamani. Mwambie shemeji aandike kipimo, na mteja ataigeuza suruali ndani nje ajionee.

Nyakwar_Kondele: Nimemuuliza, anaacha hizo 2. Kwenye kadi basi:

"Nakata na kushona mwenyewe: sare, suruali, kitenge. Nilifunzwa na fundi wa Kibuye kwa miaka 4. Kiuno cha suruali kinapanuka hadi sentimita 4."

Nimtaje fundi mzee kwa jina?

Printa_wa_Oginga: Mtaje. Kibuye wanamjua, jina lake litamfungulia milango.

Mama_Mkasi (Nakuru): Amwombe ruhusa kwanza. Na mzee bado anashona? Kama anashona, mimi nisingemtaja, kwa sababu mteja ataenda kwake.

Seremala_Nyalenda: Mimi wangu nilimtaja, na wateja wanaletwa na yeye mwenyewe akizidiwa na kazi. Inategemea mlivyoachana.

Nyakwar_Kondele: Waliachana kwa kelele kidogo juu ya cherehani. Nitamuuliza shemeji jioni.